Kuona taa si kuonwa: Dimu, fuli na mtembea kwa miguu asiye na taa

Mama mmoja wa Mirongo ametuandikia. Mumewe ana gari dogo la mizigo, na mara mbili kwa wiki hufuata mpunga na dengu upande wa Magu, kisha hurudi mjini usiku. Anasema baba huyo ni mtu wa taratibu, hanywi, wala hashiki simu akiendesha. Lakini mwezi huu mara mbili amefika nyumbani akitetemeka. Mara ya kwanza aliukwepa mkokoteni wa punda kwa umbali wa mkono. Mara ya pili ilikuwa watoto wawili waliobeba ndoo. Zote mbili anaeleza vilevile: "Nilipishana na gari, nikashusha taa kama inavyotakiwa, na walipotokea walikuwa wameshafika mbele yangu." Mama anauliza kama mumewe sasa macho yamechoka, au kuna jambo analokosea.

Mama, macho ni vizuri yapimwe, na tutafika huko. Lakini hayo aliyoyaeleza mumeo huwapata hata madereva wenye macho mazuri kabisa. Sababu yake iko kwenye taa zenyewe, kwenye mwendo, na kwenye zile sekunde chache ambazo magari mawili yanapishana gizani. Wiki hii tuzungumze hizo sekunde tu, kwa sababu watoto wetu wako ndani yake, wengine wakiwa garini na wengine wakiwa kando ya barabara.

Tuanze na saa yenyewe. Hapa Mwanza jua huzama kati ya saa 12 na nusu jioni na saa 1 na dakika chache, kutegemea mwezi. Kwa kuwa tuko karibu na ikweta, giza haliji polepole. Jua likishazama, dakika 20 na kidogo zinatosha giza kuingia. Na ni saa hiyohiyo mama anatoka Mlango Mmoja na furushi, wachuuzi wa dagaa wanatoka Mwaloni Kirumba, wakulima wanarudisha mikokoteni, na mtoto anatumwa dukani kununua chumvi. Barabara imejaa watu, na mwanga umekwisha ghafla.

Taa ya dimu inaonyesha nini

Gari lina taa za namna mbili za kuonea mbele. Fuli hupeleka mwanga mbali na juu. Dimu huinamisha mwanga uanguke barabarani ili usimpige usoni anayekuja. Mkataba wa kimataifa wa magari wa Vienna wa mwaka 1968 unataka fuli imulike barabara kwa walau mita 100, na dimu walau mita 40. Gari zuri huzidi hapo kidogo. Gari lenye vioo vya taa vilivyopauka na kuwa njano, kama mengi tunayoyaona hapa mjini, linaweza lisifike hata hapo.

Kuna jambo jingine ambalo madereva wengi hawajaambiwa. Dimu haimuliki pande mbili sawasawa. Kwa nchi kama yetu tunaoendesha kushoto, taa hukatwa chini upande wa kulia, anakotoka mwenzako, na huinuliwa kidogo upande wa kushoto ili ioneshe ukingo wa barabara. Kwa hiyo mtu aliye kushoto kwako unaweza kumwona mapema kidogo. Mtu anayevuka kutoka kulia kuja kushoto yuko gizani karibu mpaka anapofika katikati ya barabara. Wale watoto wenye ndoo, kama walitoka upande wa kulia, walitembea ndani ya sehemu ambayo dimu imetengenezwa isiimulike.

Magari mengi yetu ni yaliyotumika Japani, nako huendesha kushoto kama sisi, hivyo taa zake zimekatwa upande unaotufaa. Gari lililotoka nchi za kuendesha kulia lina taa zilizoinuliwa upande wa kulia, maana yake linampiga mwenzako usoni hata likiwa kwenye dimu. Ukinunua gari la namna hiyo, gharama ya kubadilisha taa ihesabiwe pamoja na bei ya gari.

Hesabu ya mkokoteni

Sasa tuchukue safari ya mume wa mama huyu. Tuseme amepita Magu na Nyanguge, anaelekea Kisesa na Igoma, saa 2 usiku, barabara kavu, matairi mazuri, breki nzima. Mwendo ni kilomita 80 kwa saa. Mbele yake linakuja basi nalo kwa 80. Wote wawili wanashusha taa wakiwa mita 300 hivi kati yao. Kwa mwendo huo wanakaribiana mita 44 kila sekunde, kwa hiyo watapishana baada ya sekunde 7.

Katika sekunde hizo 7, gari lake linatembea zaidi ya mita 150. Lakini dimu inamwonyesha mita 40 tu. Mbele yake, kushoto, uko mkokoteni wa punda uliobeba kuni. Hauna taa wala reflekta, na mwenye mkokoteni amevaa koti jeusi. Mkokoteni unakwenda mwendo wa miguu, na kwa gari la kilomita 80 hiyo ni sawa na kitu kilichosimama.

Dereva anauona ukiwa mita 40. Tangu jicho lione mpaka mguu ukanyage breki, mtu wa kawaida aliyeshtukizwa hutumia kama sekunde moja na nusu. Kwa kilomita 80, muda huo umekula mita 33 kabla breki haijaanza kazi. Zimebaki mita 7. Breki inashika, lakini gari linaugonga mkokoteni likiwa bado na mwendo wa kilomita 72 hivi kwa saa. Yaani kwa yule mwenye mkokoteni, ni karibu kama dereva hakufunga breki kabisa.

Rudia safari ileile kwa kilomita 60. Muda wa kushtuka unakula mita 25, zinabaki mita 15 za breki. Gari linagonga likiwa na kilomita 30 hivi kwa saa. Ni ajali mbaya bado, lakini mtu mzima ana nafasi kubwa ya kuishi.

Rudia tena kwa kilomita 50. Muda wa kushtuka unakula mita 21, breki inahitaji mita 14. Jumla ni mita 35. Gari linasimama, na kati ya bampa na mkokoteni kuna mita 5.

Hapa ndipo lilipo jibu la mama. Mumewe alishusha taa vizuri. Alichoacha ni kushusha mwendo pamoja na taa. Alipokuwa kwenye fuli aliona mita 100 au zaidi, na kwa kilomita 80 anahitaji kama mita 70 kusimama, hivyo alikuwa salama. Alipokwenda dimu, uwezo wake wa kuona ulipungua mpaka mita 40, lakini gari liliendelea kuhitaji mita 70. Mita 30 zilizopungua hapo katikati ndizo alizokutana nazo punda na watoto.

Kwa hiyo kanuni ya kukariri ni moja: mkono ukishusha taa, mguu nao unaondoka kwenye mafuta. Ukirudi fuli, unaweza kurudi kwenye mwendo wako. Barabara ikiwa na maji, breki huhitaji nafasi zaidi, kwa hiyo hata 50 ni nyingi kwa dimu, na 40 ndiyo mwendo wa kukuwezesha kusimama ndani ya mwanga wako.

Mtu atasema, "Nikienda 50 basi la nyuma litanisukuma." Litakupita. Mwache apite, sogea kushoto bila kutoka nje ya lami, na usikanyage mafuta kwa ajili yake. Lakini usisogee sana kushoto bila kuangalia, maana ndiko waliko watembea kwa miguu.

Lini ushushe, na ukipigwa fuli ufanyeje

Shusha taa kabla mwenzako hajaanza kukunja uso. Kwenye barabara iliyonyooka, mita 200 mpaka 300 ni umbali mzuri. Kwenye kona au kilele cha kilima, shusha pale unapoona mwanga wake kwenye miti au hewani, usisubiri uzione taa zenyewe. Ukimfuata mtu nyuma, dimu pia, kwa sababu fuli yako inampiga kupitia vioo vyake vya kutazamia nyuma. Na ukishusha, shusha mapema kidogo kuliko unavyoona lazima, ili jicho lako lipate muda wa kuzoea mwanga mdogo kabla ya kupishana.

Sasa, vipi akikataa kushusha? Mkumbushe mara moja kwa kupepesa fuli, basi. Asipoelewa, usimlipizie. Dereva aliyepigwa mwanga mkali huhitaji sekunde kadhaa kurudisha uoni wake, na wenye umri mkubwa huhitaji zaidi. Kwa kilomita 80, sekunde 3 ni mita 66 za kuendesha bila kuona. Ukimlipizia, hapo barabarani kuna madereva wawili wasioona, na wanakaribiana.

Cha kufanya ni hiki. Ondoa mguu kwenye mafuta mara moja. Hamisha macho kutoka kwenye taa zake, uyapeleke kwenye ukingo wa kushoto wa barabara, kwenye mstari mweupe kama upo, au pale lami inapoachana na vumbi. Fuata ukingo huo mpaka mpishane. Shika usukani kwa mikono miwili, maana macho yakivutwa na taa, mikono nayo huelekea huko. Kama huoni kabisa, punguza mpaka mwendo wa mtu anayekimbia, washa taa zote za kuonyesha hatari, lakini usifunge breki ghafla katikati ya njia, aliye nyuma yako naye amepigwa mwanga uleule.

Utaona pia malori mengi yakiwasha indiketa ya kulia yanapokaribia kupishana. Dereva anakuonyesha mwisho wa upana wake uko wapi. Ni desturi nzuri, ila inakueleza habari za lori tu. Haikuambii kama nyuma ya lori kuna bodaboda isiyo na taa, au kama kuna mtu amesimama akisubiri lori lipite ili avuke.

Na hapo ndipo hatari kubwa ilipo: nukta ileile ya kupishana na sekunde mbili tatu baada yake. Mtu aliyesimama kati yako na taa za mwenzako hupotea ndani ya mwanga. Anaweza kuonekana kidogo kama kivuli cheusi, kisha akatoweka, na dereva akadhani macho yamemdanganya. Kivuli kikikatiza mwanga wa gari linalokuja, chukulia kuwa ni mtu, na breki ianze hapohapo. Baada ya kupishana, washa fuli mara tu bampa lake linapofika usawa wa mlango wako, kwa sababu aliyekuwa akisubiri gari lile lipite anaanza kuvuka sasa hivi.

Mambo mawili ya kukagua kwenye gari la familia

La kwanza ni mwelekeo wa taa. Gari likipakiwa nyuma, mkia unashuka na pua inainuka, na dimu yako inageuka kuwa fuli kwa wengine bila wewe kujua. Magari mengi ya Japani yana kirungu kidogo karibu na usukani chenye namba kuanzia 0. Sifuri ni kwa dereva peke yake au na abiria wa mbele. Ukijaza watu nyuma au mizigo, zungusha kwenda namba za juu, na taa itashuka. Watu huendesha miaka mitano bila kukigusa. Gari lisilokuwa nacho, mzigo upangwe mbele ya ekseli ya nyuma kadiri inavyowezekana.

Unaweza kupima mwenyewe nyumbani. Simamisha gari mahali tambarare, mita 5 kutoka ukutani, likiwa na mzigo wake wa kawaida. Pima kwa futi kamba kutoka ardhini mpaka katikati ya taa, kisha weka alama ya urefu huohuo ukutani. Washa dimu. Mpaka wa juu wa mwanga ukutani uwe chini ya alama hiyo kwa sentimita 5 hivi. Ukiwa juu ya alama, unawapiga watu usoni. Ukiwa chini sana, unajinyima mita zako za kuona. Fundi ana skrubu za kurekebisha, na ni kazi ya dakika chache.

Hapa niseme neno kuhusu zile balbu nyeupe kali zinazouzwa madukani kuwekwa kwenye taa ambazo hazikutengenezwa kwa ajili yake. Dereva huzipenda kwa sababu barabara ya karibu inang'aa. Lakini kioo cha taa kimepangwa kwa balbu yenye waya mahali maalumu. Ukiweka balbu ya umbo jingine, mwanga hutawanyika, ule mpaka wa juu hupotea, na anayekuja anaona moto mtupu. Jaribio la ukutani litakuonyesha: usipoona mstari wa wazi kati ya mwanga na giza, balbu hiyo haikai hapo.

La pili ni vioo. Kioo cha mbele hupata ukungu wa mafuta kwa ndani, unaotokana na plastiki za gari na pumzi zetu. Mchana hauuoni. Usiku ukungu huo hutawanya mwanga wa kila taa inayokuja na kuweka pazia mbele yako. Futa ndani kwa kitambaa safi na maji yenye sabuni kidogo kila wiki, na raba za waipa zikichanika zibadilishwe. Vioo vya taa vilivyokuwa njano vinaweza kung'arishwa na fundi, na tofauti utaiona usiku huohuo.

Na macho? Ndiyo mama, mpeleke akapimwe, hasa kama amepita miaka 40 au kama anaona taa zina miale mirefu au duara za rangi. Mtoto wa jicho huanza hivyo mara nyingi, na mgonjwa hulalamikia mwanga wa usiku kabla hajalalamikia kusoma. Lakini msinunue miwani ya njano ya kuendeshea usiku. Inapunguza mwanga wote, pamoja na ule mdogo unaorudi kutoka kwa yule mwenye koti jeusi. Miwani ya jua usiku ni vibaya zaidi.

Upande wa pili wa taa: mtoto wetu

Tumemsema dereva vya kutosha. Sasa tumtazame aliye kando ya barabara, kwa maana kwa familia nyingi za Mirongo, Mabatini au Igoma, sisi ni watembea kwa miguu kwanza.

Mtoto akisimama kando ya barabara gizani, anaziona taa za gari likiwa mbali sana, hata kilomita moja. Taa hizo zinamjaa machoni. Anamulikwa, anajiona mwenyewe ana mwanga, na anahitimisha kuwa dereva naye anamwona. Watu wazima hukosea hivyohivyo. Ukweli ni kwamba taa zinaonekana kutoka mbali kwa sababu zenyewe zinatoa mwanga. Mtu hatoi mwanga. Mwanga wa gari lazima umfikie, kisha urudi mpaka kwenye jicho la dereva, na nguo nyeusi au ya buluu hurudisha kidogo sana. Hata macho yetu hayasaidii. Macho ya ng'ombe, mbuzi na mbwa yana utando nyuma unaorudisha mwanga, ndiyo maana unaona nukta mbili ziking'aa kwenye majani kabla hujamwona mnyama mwenyewe. Binadamu hana utando huo. Mbuzi aliye kando ya barabara anaweza kuonekana mapema kuliko mwanao.

Hivyo la kumfundisha mtoto ni hili, kwa maneno mepesi: ukiona gari, usidhani limekuona. Ngoja lipite, na baada ya kupita usikimbilie barabarani. Tazama kwanza kama kuna jingine nyuma yake, na subiri macho yako yarudi, maana nayo yamepigwa mwanga.

Pasipo na njia ya miguu, atembee upande wa kulia, akiyakabili magari yanayokuja. Akifuata kushoto, gari linamfikia kwa nyuma na hana namna ya kuruka pembeni. Mkiwa wengi, tembeeni mmoja nyuma ya mwingine, mkubwa akiwa upande wa magari na amemshika mdogo mkono wa pili.

Nguo nyeupe husaidia, lakini haitoshi mbele ya dimu, na ikilowa au kuchafuka hupungua. Kinachosaidia kweli ni utepe wa kuakisi, ule unaong'aa kwenye vizibao vya bodaboda na kwenye mikia ya malori. Umetengenezwa urudishe mwanga kulekule ulikotoka, yaani kwa dereva, na huonekana kwa zaidi ya mita 100 hata kwa dimu. Rudi kwenye hesabu yetu: dereva wa kilomita 80 alihitaji mita 70. Mtu mwenye utepe ampe mita 100, na yule dereva asiyepunguza mwendo naye anasimama.

Mahali pa kuubandika ni muhimu. Wengi huweka mgongoni tu. Kipande kidogo kwenye visigino vya viatu, na kingine kwenye mkono, kinafanya kazi zaidi, kwa sababu viungo hivyo hucheza mtu anapotembea. Jicho la dereva likiona nukta zinazopanda na kushuka kwa mpigo wa hatua, linajua mara moja kuwa huyo ni mtu. Nukta moja isiyocheza anaweza kudhani ni kigingi. Dimu pia humulika chini kabla ya juu, kwa hiyo miguu ndiyo inayofikiwa kwanza. Kwenye begi la shule weka vipande viwili, nyuma na kwenye mikanda ya mbele. Kama hakuna utepe, tochi ya simu ielekezwe chini karibu na miguu, isielekezwe usoni kwa dereva.

Kwa mwenye mkokoteni, guta au baiskeli, utepe mwekundu nyuma na mweupe mbele, ubandikwe kwenye pembe zote mbili za upana, ili dereva asidhani ni pikipiki moja nyembamba. Angalia mzigo usiufunike. Kuni na magunia yananing'inia nyuma na kuficha kila kitu. Hapo kipande kifungwe kwenye mzigo wenyewe. Na chombo kikiharibika barabarani, yale matawi ya miti tunayotandaza yaanze mbali. Tawi lililowekwa hatua 10 nyuma ya lori linaonwa na dereva pamoja na lori, akiwa ameshachelewa. Hatua 100 na zaidi ndiyo humpa nafasi, na pembetatu ya kuakisi ni bora kuliko tawi. Ukiondoka, ondoa na matawi yako.

Jaribio la Jumamosi

Wenye gari, au wenye jirani mwenye gari, fanyeni hili na watoto. Mtafute uwanja mpana usiopitwa na magari, mfano wa shule au kanisa kwa ruhusa, baada ya saa 1 na nusu usiku. Gari lisimame, breki ya mkono ivutwe, na dimu iwashwe. Mtoto akae kwenye kiti cha dereva pamoja na mama. Baba avae nguo nyeusi, atembee mbele ya gari huku akihesabu hatua, mpaka mtoto aseme simwoni tena. Kwa watu wazima wengi hatua 55 ni kama mita 40. Kisha arudi, afunge utepe miguuni, aende tena. Halafu ajaribu upande wa kulia na upande wa kushoto wa mwanga.

Mtoto aliyemwona baba yake mzima akimezwa na giza akiwa hatua chache tu mbele ya taa zinazowaka, hatahitaji kuambiwa mara mbili kwa nini anasubiri gari lipite. Na baba aliyekuwa huko gizani, akilitazama gari na kujiona amemulikwa vizuri kabisa huku mkewe anapaza sauti kwamba hamwoni, ataielewa hesabu ya mkokoteni kuliko nilivyoweza kuiandika hapa.